Kurasa 56 ndani ya dakika 10: viunzi vitatu vya wasilisho, na kipi kinakufaa

Makala niliyopangiwa ilianza ukurasa wa 697 wa jarida na kuishia ukurasa wa 752. Hizo ni kurasa 56. Muda wa kuiwasilisha ulikuwa dakika 10, na mwalimu wetu hana mzaha na saa. Dakika ya tisa anainua kidole kimoja, ya kumi anasema "asante", nawe unakaa hata kama sentensi imekatikia mdomoni.

Makala yenyewe ni ya Blattman, Fiala na Martinez, ya mwaka 2014, kuhusu mpango wa serikali wa kuwapa vijana wa kaskazini mwa Uganda fedha za kuanzisha kazi za ufundi. Nimeiwasilisha mara tatu, kila mara kwa kiunzi tofauti. Mara ya kwanza ilikuwa darasani. Mara mbili zilizofuata zilikuwa katika kikundi chetu cha kusomea, pale Kikoni, Kampala. Huko tunajizoeza kwa Kiswahili, kwa kuwa mmoja katoka Gulu, mwingine Bukoba, mwingine Goma, na hiyo ndiyo lugha tunayokutania sote. Kujizoeza hivyo kuna faida ambayo sikuitegemea: istilahi ya Kiingereza unaweza kuikariri bila kuielewa, lakini ukitakiwa kuieleza kwa Kiswahili mbele ya rafiki anayekula rolex, ile chapati ya kuviringishiwa mayai, kutoelewa kwako kunaonekana papo hapo.

Kwa kiunzi nina maana ya karatasi moja yenye mambo utakayosema, yamepangwa kwa mfuatano na kila jambo limepewa dakika zake. Slaidi huja baadaye.

Kilichomo ndani ya makala

Ili ulinganisho ueleweke, nieleze kwanza makala inasema nini. Vijana wa kaskazini, eneo lililotoka vitani, walialikwa kuunda vikundi na kuandika maombi ya fedha za mafunzo ya ufundi na vifaa vya kuanzia kazi. Vikundi vilivyofaa vilikuwa vingi kuliko fedha zilizokuwapo, hivyo ikapigwa kura. Kati ya vikundi 535, vikundi 265 viliangukiwa na kura ya kupewa, vilivyobaki vikawa vya kulinganishia. Kiasi kilikuwa wastani wa dola 382 kwa kila mwanakikundi, karibu sawa na kipato chake cha mwaka mzima, na baada ya kukabidhiwa hakuna aliyewasimamia.

Miaka minne baadaye watafiti wakalinganisha pande mbili. Upande uliopewa ulikuwa mbele kwa 57% katika mali za biashara, 17% katika saa za kazi na 38% katika mapato. Lakini katika mshikamano wa kijamii, tabia za fujo na kushiriki maandamano, hapakuonekana tofauti yoyote. Matokeo hayo ya pili nitayarudia, maana ndiyo yaliyoniumbua.

Kiunzi cha kwanza: kufuata makala ilivyopangwa

Huu ndio mtindo wa wengi. Utangulizi, nadharia, mbinu, matokeo, hitimisho, kila sehemu ya makala na slaidi yake. Unatengenezwa kwa jioni moja, kwa sababu mwandishi ameshakupangia. Pia huwezi kuambiwa umeruka sehemu.

Kasoro yake ni kwamba makala ya jarida imepangwa kwa ajili ya kumshawishi mhakiki. Mhakiki anataka kwanza kuhakikishiwa kwamba kura ilikuwa ya haki, kwamba waliohama walitafutwa, kwamba nadharia inashikamana. Ndiyo maana matokeo yanakuja baada ya kurasa nyingi. Mwanafunzi mwenzako amekaa pale na swali moja tu: ikawaje?

Darasani nilitenga dakika 2 za usuli, 2 za nadharia, 3 za mbinu na 2 za matokeo. Kwenye karatasi jumla ni 9, inapendeza. Kwa vitendo, usuli ulikula dakika 3, kwa kuwa ukianza kueleza vita ya kaskazini huwezi kuishia katikati. Nadharia ina hesabu, na mtu mmoja akaomba nirudie. Kidole kilipoinuliwa nilikuwa ndio kwanza nafungua jedwali la mapato. Nikasoma 57, 17 na 38 mbiombio, nikakaa.

Dada mmoja wa Gulu akauliza, "Na amani je? Si ndiyo sababu serikali ilitoa hizo fedha?"

Jibu lilikuwa kwenye slaidi ambayo sikuifikia. Mpango ulitarajiwa pia kutuliza hali, ukiamini kijana mwenye kazi hatafuti vurugu, na makala inasema katika hilo hapakuonekana mabadiliko. Kwa vile makala inaweka matokeo ya kijamii baada ya yale ya uchumi, kiunzi changu kiliyaweka mwisho, na mwisho ndipo panapokatwa. Darasa lilikuwa karibu kuondoka likidhani fedha zilileta utulivu. Hili si kosa la kukosea namba. Kila nilichosema kilikuwa sahihi, na bado picha waliyoipata haikuwa ya makala ile.

Kiunzi cha pili: jedwali moja katikati

Hapa unaanza na swali la kujiuliza: kama darasa lingeruhusiwa kuona jedwali au mchoro mmoja tu wa makala hii, ungekuwa upi? Ukishaupata, mengine yote yanapimwa kwa kigezo kimoja. Je, mtu anahitaji kulijua hili ili alielewe jedwali, au ili asilielewe vibaya? Lisilohitajika linabaki kwenye karatasi ya akiba, kwa ajili ya maswali.

Kulipata jedwali hilo kunachukua muda kuliko inavyodhaniwa. Mimi nilisoma ikisiri, kisha hitimisho, kisha nikapitia majedwali yote bila kusoma maelezo, na kwa kila moja nikaandika sentensi moja ya Kiswahili: "Hili linaonyesha kwamba..." Jedwali ambalo sentensi yake ilikuwa pia jibu la swali la utangulizi ndilo nililolichukua. Likaja na safu wima nyingi na namba ndogo za mabano. Usilibandike lilivyo, anayekaa nyuma ataona chawa tu. Nililichora upya, mistari minne:

| Miaka minne baadaye | Waliopewa wakilinganishwa na wasiopewa |
|---|---|
| Mali za biashara | juu kwa 57% |
| Saa za kazi | juu kwa 17% |
| Mapato | juu kwa 38% |
| Mshikamano, fujo, maandamano | hakuna tofauti |

Uone kwamba mstari wa nne haukuwamo kwenye jedwali la mapato. Niliuleta mimi kutoka sehemu nyingine ya makala, kwa sababu bila huo watu wangekosea kama walivyokosea darasani. Mistari minne unaweza hata kuiandika kwa chaki kabla ya kipindi. Umeme ukikatika, na hapa Kampala si jambo la kushangaza, wasilisho linaendelea.

Kiunzi chenyewe kikawa hivi. Dakika ya kwanza ni swali: mtu maskini anayejitafutia kazi amekosa nini hasa, ujuzi, bidii au mtaji? Sikutaja jina la mpango wala la jarida mpaka swali hilo likae. Dakika 2 zikafuata za jaribio: vikundi 535, kura, dola 382, hakuna usimamizi. Nilitumia sentensi moja ya ziada kueleza kwa nini kura ni muhimu. Vikundi vyote vilikuwa vimeshaomba na kukubalika, kwa hiyo kilichotofautisha pande mbili ni bahati, si juhudi. Ukiiruka sentensi hiyo, swali la kwanza litakuwa "labda waliopewa walikuwa wachapakazi zaidi?"

Kisha dakika 3 na nusu za jedwali peke yake. Zinaonekana nyingi. Zilinitosha kwa shida, kwa sababu ya ile 38%.

Mtego uko hapa. Ulimi unapenda kusema "mapato yao yalipanda kwa 38%." Makala haisemi hivyo. Inasema kwamba baada ya miaka minne, mapato ya waliopewa yalikuwa juu ya mapato ya wasiopewa kwa 38%. Hatulinganishi mtu na yeye wa jana. Tunalinganisha makundi mawili ya leo. Anayesema "yalipanda" amelifuta kundi la pili bila kujua, na pamoja nalo amefuta sababu ya kupiga kura.

Tofauti hiyo inaonekana waziwazi kwa wanawake. Makala inasema athari kwa wanaume na wanawake zinafanana kwa ukubwa, lakini maana yake si moja. Wanawake walianza wakiwa maskini zaidi, na kwa wale ambao hawakupewa fedha, kazi na mapato yao vilidumaa, wakati waliopewa waliinuka. Chora ubaoni mistari miwili inayoanzia mahali pamoja, mmoja ukilala, mwingine ukipanda. Mchoro huo wa sekunde 20 ulieleweka kuliko slaidi zangu tatu za mwanzo.

Dakika moja na nusu ni ya "kwa nini". Waliopewa walitumia sehemu ya fedha kwa mafunzo, lakini sehemu kubwa ilikwenda kwenye vifaa na malighafi, bila mtu kuwashikia fimbo. Kama tatizo lingekuwa uvivu au anasa, fedha zisizosimamiwa zingeyeyuka. Waandishi wanaona matokeo yanakubaliana na maelezo kwamba watu hawa walibanwa na ukosefu wa mtaji. "Yanakubaliana na" ni maneno ya waandishi wenyewe, nawe yabaki hivyo. Ukiyageuza kuwa "wamethibitisha", umewapa dai ambalo hawakulitoa.

Dakika ya mwisho ni ya mipaka. Nilisema moja tu: walioingia kwenye kura ni watu waliokuwa tayari kuunda kikundi na kuandika ombi. Huwezi kuchukua 38% ukampachika kijana yeyote wa mtaani.

Jumla ni dakika 9. Ile ya kumi niliiacha wazi, na ikatumika yote kwa projekta na kukohoa.

Maandalizi yalinichukua siku mbili, nyingi zikiwa za kukata. Nilijirekodi kwa simu nikaona nasema maneno kama 100 kwa dakika ninapoeleza namba, hivyo maelezo yangu yasingeweza kuzidi maneno 900. Rasimu ya kwanza ilikuwa 1,700. Nilichokata kwanza ni mapitio ya maandiko yote, kisha nadharia ya hesabu, ambayo ilibaki kuwa sentensi moja ndani ya "kwa nini".

Kiunzi cha tatu: hoja ya kubishaniwa

Huku hutoi muhtasari wa makala. Unaweka dai mezani, unalitetea kwa makala, kisha unalishambulia. Dai langu lilikuwa: "Serikali iwape vijana fedha taslimu iache kuwasimamia." Nusu dakika ya dai, dakika 3 za ushahidi unaoliunga mkono, na dakika 3 za ushahidi unaolipinga, na ndani yake umo ule mstari wa nne wa jedwali.

Lakini silaha kuu ya kiunzi hiki iko nje ya makala. Watafiti haohao walirudi kwa vijana walewale na mwaka 2020 wakachapisha matokeo ya miaka tisa. Pengo la mapato lilikuwa limefifia. Wasiopewa waliongeza kipato kupitia biashara na vibarua, mpaka pande mbili zikakaribiana katika ajira, mapato na matumizi. Kilichobaki ni tofauti katika mali na katika kufanya kazi za ufundi. Ukitenga dakika moja na nusu kwa habari hiyo baada ya kulisifia lile 38%, chumba kinachemka. Kaka mmoja wa Bukoba alisimama kabisa: "Kwa hiyo fedha zilipotea?" Wa Goma akamjibu kwamba miaka kadhaa ya kula vizuri si kupotea. Dakika yangu ya mwisho ilikuwa ya swali, wala sikuhitaji kuliuliza.

Hatari zake ni mbili. Ya kwanza ni kazi: siku tatu, na makala mbili badala ya moja. Ya pili ni kwamba kama wenzako hawajasoma, watabishana juu ya dai lako na wasijue makala ilifanya nini. Nilipouliza mwisho kura ilipigwa kati ya nani na nani, wawili kati ya watano walidhani ni kati ya walioomba na wasioomba. Mjadala mtamu, msingi haupo.

Uchague kipi

Swali la kwanza ni kama wasikilizaji wameisoma makala. Kama hawajasoma, na tuseme ukweli, mara nyingi wamesoma ikisiri tu kwenye taksi wakija, chukua kiunzi cha pili. Kama wamesoma kweli, cha pili kitawachosha, kwa sababu utawaambia wanachokijua. Hapo cha tatu ndicho chenye faida.

Cha kwanza sikitupi. Kina mahali pake katika kozi ya mbinu za utafiti, ambako mwalimu anakupima kwa kuuliza sampuli ilipatikanaje. Kinafaa pia mkiwasilisha wawili, maana kinagawanyika vizuri: mmoja usuli na mbinu, mwingine matokeo. Cha pili ukikigawa kwa watu wawili kinavunjika katikati ya jedwali. Ukikitumia cha kwanza, fanya marekebisho mawili yatakayokuokoa. Taja matokeo yote, pamoja na yale ya sifuri, ndani ya sentensi mbili za dakika ya kwanza, kabla ya usuli. Kisha andika pembeni ya kila slaidi dakika unayopaswa kuwa umefika, si dakika utakazotumia. "Nadharia: dakika 2" haikusaidii ukiwa mbele za watu. "Dakika ya 4: toka kwenye nadharia" inakusukuma.

Cha pili nacho kinadai makala yenye jedwali. Ukipewa makala ya historia au ya mtafiti aliyeishi kijijini mwaka mzima akisikiliza watu, hutapata namba ya kuweka katikati. Hapo tafuta tukio moja au nukuu moja ambayo hoja nzima ya mwandishi inaning'inia juu yake, uipe zile dakika 3 na nusu. Makala ya nadharia tupu, isiyo na tukio wala namba, bado sijaipatia kiunzi kizuri zaidi ya cha kwanza.

Na chochote utakachochagua, kijaribu hivi: msimulie mtu asiye wa kozi yako, kisha mwombe akueleze makala iligundua nini. Nilimsimulia jirani yangu anayeshona nguo Wandegeya kwa kiunzi cha pili. Akasema, "Waliopata mtaji waliwapita wenzao, lakini tabia zao zilibaki zilezile." Halafu akauliza fomu zinachukuliwa wapi.